Liberatus Yuko Hai

Tumpe, Liberatus yuko hai.

Nimemkuta hapa Mbeya, soko la Mwanjelwa, sasa hivi anachagua viatu vya mtumba. Anachagua viatu! Mimi nimetoka Iringa kuja kumtafuta, nasubiri gari ya Makongolosi nikaulize mgodini anakochimba kama kuna mtu kafukiwa.

Wiki tano! Kwanza alianza kujibu "poa" tu. Halafu tiki moja. Picha yake ikapotea, nikajipa moyo kwamba simu imeharibika. Kumbe kaniblock. KANIBLOCK.

Nikamuuliza, kwa nini? Hata hakuniangalia. Eti, "Uliposema baba yako ananisubiri Kilolo nijitambulishe, niliogopa. Nikasema nitajibu kesho. Kesho ikawa wiki, nikaona aibu. Sikutaka kukuumiza."

Hakutaka kuniumiza!! Angeniambia "sikutaki" ningelia siku mbili yakaisha. Badala yake kila asubuhi nasoma upya meseji zangu, natafuta ni wapi nilikosea. Nikiacha kutafuta kosa, namuona yuko chini ya kifusi.

Na kiatu hakukiweka chini, Tumpe. Ananiambia hayo yote kiatu kiko mkononi.

Unajua jumuiya yetu imemwombea? Kila Jumamosi wale mama zetu wanapiga magoti, "Bwana, mtoe Liberatus shimoni." Mama yangu amefunga kwa ajili yake. Amefunga, na vidonda vyake vya tumbo!

Keshokutwa wanasali kwetu. Wataniuliza. Nitawaambia amepatikana, mzima kabisa.

Na watapiga vigelegele, Tumpe. Watampigia vigelegele.