Waya Niliokaza kwa Spana

Maitu,

Wiki ya sita sasa tangu tukuzike. Kahawa yako imechumwa. Ng'ombe yuko kwa jirani yako Mama Nyambura, anakula vizuri. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo kwenye mazishi sikuweza kulisema. Watu walisimama wakanisifu, ati kijana alimwekea mama yake dishi, mama wa kwanza Giakanja yote kuona dunia akiwa kwake. Nikainamisha kichwa. Walidhani ni huzuni.

Unakumbuka siku nilipolileta kwa pikapu ya kazini? Dishi la wavu, pana kunishinda nikinyoosha mikono. Ukauliza, "Hii karai ni ya kupikia harusi ya nani?" Nikachimba shimo pale karibu na tangi, nikasimamisha mlingoti kwenye zege, nikangoja siku tatu likauke. Halafu nikalifunga dishi juu yake, nikaligeuza mashariki na kuliinua zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, kwa maana setilaiti iko juu kule upande wa Bahari ya Hindi. Nilitoa televisheni uani nikaiweka juu ya kiti chako. Nasukuma dishi kidogo, naangalia. Chenga tupu. Kidogo tena. Mara sura ya mtu ikatokea ndani ya chenga, ukapiga makofi. Nikazungusha kile kichwa cha katikati kinachonasa mawimbi hadi picha ikasafika, ndipo nikakaza nati zote.

Waya haukufika sebuleni. Nikaunga kipande kingine hapo nje, chini ya dirisha, kwa kiungo cha kuzungusha kwa vidole. Nikakueleza, maana ulipenda kueleweshwa: "Huu waya ndio unapeleka umeme kwa dishi na kurudisha picha. Ukiachana hapa, hakuna kitu." Ukaitikia, "Nimeelewa, baba." Uliniita baba kwa kuwa nina jina la baba yako.

Sikukuambia kwa nini nililiweka dishi. Nilitaka uwe na kitu cha kukuongelesha ili nisijisikie vibaya nisipokuja. Ruring'u ninakofanya kazi si mbali, Maitu. Ni safari ya asubuhi kwenda na kurudi. Nilikaa miezi mitatu bila kukanyaga kwako.

Ndipo ukaanza kupiga simu dukani kwetu kutoka kibanda cha pale sokoni. "Picha imepotea. Kuja uangalie." Nikaja Jumamosi, nikakuta kiungo kimeachana. Nikadhani ni dirisha linagonga waya. Nikarudisha, tukala mukimo na kuku. Baada ya mwezi, tena. Kiungo kile kile, na kuku mwingine tayari yuko jikoni, ameiva kabla sijafika.

Mara ya tatu nilikuwa nimeacha katikati kazi ya kuweka madishi kwenye hoteli moja Nanyuki. Nikachuchumaa pale dirishani nikatazama. Waya wenyewe haukuwa umevutika hata kidogo. Upepo haufungui kitu kilichozungushwa mara sita. Nikajua ni vidole vyako.

Ulikuwa umesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi. Nikasema, "Maitu, mimi niko na kazi. Usinichezee kama mtoto." Uliangalia chini, wewe, mama yangu, mbele yangu mimi. Nikachukua spana nikakaza kiungo kile mpaka kikalia, nikakizungushia utepe mweusi, tabaka juu ya tabaka. Nikasema, "Sasa hii haitafunguka tena." Nikaondoka. Chakula sikugusa.

Simu haikulia tena. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema mambo yako ni sawa.

Mwezi wa saba ulivyoleta ile baridi, kifua kikakushika. Mama Nyambura alitaka kunipigia. Baada ya mazishi, tukiosha vyombo, aliniambia ulivyomkataza: "Alisema televisheni siku hizi haiharibiki, kwa hivyo hana sababu ya kukusumbua."

Hakujua alichoniambia. Aliendelea kusugua sufuria.

Jana mzee mmoja wa Kiganjo alipiga simu dukani. Dishi lake nililiweka mimi. Picha imepotea, anasema. Nilianza kumwelekeza aangalie waya gani, kama ilivyo desturi yetu, kisha nikakatiza. Nikamwuliza anaishi na nani. Akasema, "Peke yangu." Nikamwambia nakuja mwenyewe.

Nilikuta kweli maji yameingia kwenye waya, shaba imeota kutu ya kijani. Kazi ya dakika ishirini. Nilikaa mpaka chai ikaisha, na ya pili.

Nimeahidi kurudi kwake, hata kama picha ni safi. Na wewe nakuahidi hivi: hakuna mzazi wa mtu nitakayemfungia tena njia ya kuniita. Ni ahadi iliyochelewa. Sina nyingine.

Lala salama, Maitu. Unisamehe, ukiweza.

Mwanao,
Wanjohi