Vigae vya Magari Mawili

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba hilo goti limeanza kukutii. Sisi huku tunapumua. Uliuliza kama nalala: nalala. Kama nakula: chakula kinaingia. Tangu tumzike shemeji yako sijatoa chozi, na majirani wameshaanza kunong'ona.

Nikupe ya dukani. Nesi mmoja aliagiza vigae vya sebule, vikaja kwa magari mawili. Fundi alipanga vya gari la kwanza, akafungua katoni chache za la pili, akaweka zana chini. Vya kwanza vyeupe kama maziwa, hivi vimeingia chai. Jina la kigae ni moja, lakini namba ya mkupuo iliyopigwa ubavuni mwa katoni ni tofauti, maana yake havikuchomwa pamoja. Nesi akasema hahamii nyumba yenye viraka, na mtaa mzima utajua vilitoka duka gani.

Unamkumbuka msambazaji wetu, ambaye shemeji yako alimwita Bwana Kanuni? Nilimtumia barua pepe na picha za katoni, akaruka kimanga. Alidai hati ya kupokelea mzigo ina saini yetu, na kigae kikishapangwa hakirudi. Nikajibu kwamba saini ni ya idadi na uzima wa katoni, si ya rangi iliyofungwa ndani, na vya gari la pili havijapangwa hata kimoja. Akasema masharti yake yanaruhusu rangi kupishana kidogo. Nikamnukulia sharti lenyewe: ndani ya mkupuo mmoja. Nikaambatisha oda yetu iliyotaka mkupuo mmoja, pamoja na uthibitisho wake mwenyewe. Hapo akanywea. Atachukua katoni zisizofunguliwa na kuleta za mkupuo wa kwanza zilizobaki ghalani kwake. Gharama ya zilizofunguliwa ni juu yangu, na nesi ameridhia zipangwe sakafuni mwa stoo yake.

Sasa la moyoni. Barua hizo zote niliziandika kwa jina la shemeji yako, kutoka anwani yake. Bwana Kanuni hakuwa na habari. Alikuwa akimwita “ndugu yangu mbishi” na kumgombeza kama zamani, nami nikayavuta mabishano makusudi, nikiuliza maswali ambayo majibu nilikuwa nayo. Yakiisha, nani angemwandikia tena shemeji yako?

Lakini kabla ya kurudisha mzigo alitaka kuzungumza na mwenye akaunti kwa simu. Nikamwandikia ukweli. Hakunipa pole. Aliomba nakala ya cheti cha kifo ili abadilishe jina, basi. Nilikitoa katika bahasha ambayo sikuwahi kuifungua, nikakipiga picha. Ikatoka na ukungu, nikapiga tena. Ikabidi nipitie mstari mmoja mmoja kuhakikisha unasomeka.

Dada, yote yanasomeka. Nimelia mpaka sauti imekauka.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti likikuruhusu, njoo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba