Mstari Mmoja wa Upande B

Jumanne, 2 Julai 2024. Butihinda

Leo nimefufuka. Jeska alikuwa akisoma kwenye simu yake, akanyanyua kichwa: "Baba, huyu F. Mwila ni nani? Kuna Mzungu anauliza kama unamjua. Hapa wameandika ni marehemu."

F. Mwila ni mimi.

Binti yangu ana miaka arobaini na mbili na sikuwahi kumwambia. Nilifika Kitwe mwaka 1974, mkimbizi bila karatasi. Nikajipa jina la wenyeji, nikapiga gitaa katika bendi ya Black Lanterns. Tulitoa santuri moja tu, kisha kila mtu na njia yake. Mwimbaji wetu bado yuko Kitwe. Ndiye aliyemwambia Mzungu kwamba Mwila alikuwa Mrundi, jina lake la kweli Fabiano, na huenda bado anapumua.

Jeska alicheka mpaka akakaa chini. "Baba! Wewe! Roki!"

Nikamwambia aangalie maharage, yanaungua.

Alhamisi, 4 Julai

Nimezungumza na Mzungu. Yuko Rotterdam, kampuni yake inatoa upya santuri za zamani. Ana adabu, na anajua maisha yangu kuliko mimi.

Nilimuuliza kwa nini sasa. Akaeleza kwa subira, kama mwalimu. Zilichapwa nakala mia tatu tu, kiwandani Nairobi, tukaziuza wenyewe mlangoni kwenye dansi. Hazikuuzwa nje ya Zambia. Zile chache zilizobaki zimeliwa na sindano nzito za redio-gramu za mabaa. Anazijua nne duniani, na zote zimechubuka upande B. Mkanda wa studio haupo: mikanda iliagizwa kutoka nje, ilikuwa ghali, wakarekodi kwaya juu yetu. (Nimefutwa na kwaya! Mimi, mzee wa kanisa.) Kwa hiyo nakala safi ndiyo mkanda wenyewe. Wataicheza kwa sindano nzuri, watarekodi, watasafisha mikwaruzo midogo. Lakini mlio uliokwisha kuliwa na sindano haurudi.

Na wanunuzi? Vijana wa Ulaya waliochoka kusikia roki ileile. Mmoja aliweka nakala iliyochubuka mtandaoni, watu wakashangaa: roki ya namna hii, Afrika, 1975? Wengine wameshaichapa bila kumuuliza mtu. Yeye hataki wizi, anataka sahihi za wenyewe.

Kisha akasifu solo yangu kwenye "Cherehani", wimbo wa upande B. Ule mkwaruzo unaokatikakatika! Anasikia ndani yake hasira ya bara zima.

Ilikuwa betri. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, fedha za kigeni hakuna, na Kitwe nzima haikuwa na betri ya kikasha changu cha kukwaruzia sauti. Tulikwenda Nairobi na ileile ya zamani, na huko kila senti ilikwenda studio. Ikawa inakata roho katikati ya noti. Nilikaribia kulia.

Sikumwambia. Nilisema, "Ndiyo, hasira."

Jumapili, 7 Julai

Kanisani sikusikia hata neno la mahubiri. Nakala safi ninajua iko wapi.

Iko Gitega, kwa Zaituni, mjane wa Mahmudu. Mahmudu alikuwa mpiga ngoma wetu, Mrundi mwenzangu, mchana fundi wa nguo. Alirudi nyumbani kabla yangu, na santuri alibeba yeye. Hakuwahi kuwa na mashine ya kuichezea. Amefariki miaka sita sasa. Sikwenda mazikoni – nilisema mgongo.

Haukuwa mgongo.

Jumatano, 10 Julai. Gitega

Mafuta hakuna, teksi ya probox ilikaa Muyinga ikiyasubiri kwa muda wa saa tano. Nimefika nimekunjika kama barua.

Zaituni hakuonyesha mshangao. "Eh, shemeji Fabiano! Kumbe we bado iko mzima? Kwenye deuil, msiba ya Mahmudu, hatukukuona, hein. Bon. Karibu, kaa."

Nikakaa. Chai, mandazi. Nikazunguka: afya, wajukuu, mvua. Mwishowe akanikata: "Sema tu. Diski ya Mahmudu ndiyo imekuleta."

Ilikuwa kabatini, imesimama wima kati ya karatasi ngumu ambazo Mahmudu alikatia suruali. Hakuilaza, hakuirundikia kitu. Ndiyo maana haikupinda. Imefungwa kwenye kitenge. Niliishika kwa kingo tu, kama Mzungu alivyoagiza, nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Nyeusi, inang'aa, hakuna mkwaruzo. Karibu na karatasi ya katikati, pale nyimbo zinapoishia, kuna namba iliyokwaruzwa kwa mkono wa mtu wa kiwandani. Hiyo ndiyo inayotenganisha ya kwanza na za kughushi. Nikaipiga picha, nikamtumia Mzungu.

Jibu la Rotterdam likaja baada ya dakika mbili. Herufi kubwa tupu.

Zaituni alivaa miwani. Akaweka kidole kwenye karatasi ya katikati. "Mi nasoma kidogo, mais hii naweza. Cherehani. Chini yake: F. Mwila. Huyo ni we?"

"Ni mimi."

"Sawa. Kati yenu wawili, nani alikuwa fundi wa cherehani?"

Chai ilikuwa ya moto sana. Nilishughulika nayo.

Alhamisi, 11 Julai. Gitega

Sikulala vizuri. Niandike basi, hapa hakuna anayesoma.

Wimbo ule aliutunga Mahmudu. Mdundo ni mguu wake kwenye cherehani, na sauti aliiimba kwa mdomo huku akipiga pindo. Mimi niliufuata kwa gitaa. Siku ya studio walileta fomu: mtunzi, mstari mmoja. Mahmudu alikuwa anatoka kuswali adhuhuri. Akasema, "Jaza wewe, mwandiko wako mzuri."

Nikajaza. Mwandiko wangu kweli ni mzuri.

Aliporudi aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama tumeshakula. Miaka yote hiyo hakusema. Heri angenitukana.

Na nicheke kidogo: niliiba kwa jina la uongo. Hata wizi wangu haukuwa na jina langu.

Jumamosi, 13 Julai. Gitega

Mkataba umekuja kwenye simu, tumeuchapisha kwenye sekretarieti, duka la uchapaji karibu na soko. Kurasa saba. Wa sita una jedwali: wimbo, mtunzi. Mzungu ameacha wazi makusudi. Anasema F. Mwila atabadilishwa kwa jina halisi, na kitabu kidogo ndani ya jalada kitasimulia maisha ya mtu huyo. Ukurasa wa kwanza, picha, kila kitu. Jeska amepiga simu mara mbili kutoka nyumbani: "Baba, umeshasaini? Nimewaambia kwaya nzima!"

Kwaya tena.

Mbele ya "Cherehani", mstari mmoja.

Zaituni ameuangalia mkataba, akausukuma kwangu. Santuri iko mezani katikati yetu, ndani ya kitenge. Nilifungua mdomo, nilikuwa nimepanga sentensi tangu jana. Ikatoka: "Shemeji, siku ile Nairobi–"

"Mahmudu alinieleza ya Nairobi," akasema. Adhana ikaita kutoka mtaa wa juu. Akasimama, akafunga mtandio vizuri, akanichagulia kalamu kwenye kikombe, ile ya bluu, akaijaribu kwenye gazeti kama inaandika.

"Jaza we, shemeji. Mwandiko yako iko mzuri. Mi naenda kuswali."

Nasikia maji ya udhu. Sasa anatandika msala, upande wa pili wa pazia. Nimeandika haya yote kwa kalamu ileile na bado ina wino, sina kisingizio. Adhuhuri ni rakaa nne.

Ameanza.