Ombi Lako Limepokelewa

Mtaani Waithaka, Jumanne

Kumbe neno moja, "limepokelewa," lingenipatia mchumba nisiyemtafuta!

Asubuhi, nikisubiri kuitwa kwenye usaili kule Parklands, niliona ujumbe wa mtu nisiyemjua, aliyeiona picha yangu ya mahafali mtandaoni: "Niaje Mercy, vile umetokelezea na hilo joho! Naeza kuwa rafiki yako?"

Hakunikosea, hivyo sikutaka kumkaripia. Kunyamaza nako niliona ni utovu wa adabu. Nikamjibu kama ninavyoziandikia ofisi: "Nashukuru kwa kuwasiliana nami. Ombi lako limepokelewa."

Akajibu papo hapo: "Wah! Si basi tupatane Jumamosi?"

Jioni dada yangu Wanza alisoma, akacheka hadi akaketi sakafuni. "We nawe! Umemkubalia mtu kwa barua rasmi! Sasa mshukuru, mwite kaka, na usimuulize swali. Ukiuliza, atajibu. Na emoji wachana nazo."

Nilifuta "labda siku nyingine," maana angeisubiri siku hiyo. Nikafuta "samahani," kwani sina kosa. Nikatuma: "Asante kwa pongezi, kaka. Sina mazoea ya kuonana na watu nisiowafahamu, kwa hivyo tuishie hapa. Nakutakia wiki njema."

Nilingoja matusi. Ikiwa angeudhika, angeweza kunichafulia jina hadharani, wakati huu ambapo waajiri wanachungulia kurasa zetu...

Akaandika: "Sawa sister. Umenikataa poa hadi nimeskia kushukuru."

Nilianza kuandika "Karibu tena." Wanza akaninyang'anya simu.