Hatua ya Nne ya Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mzee amesema. Nilijua ipo siku atasema, ila sikujua atasema huku ananimenyea viazi! Ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, akatamka kama mtu anayeniambia nje kuna mawingu: anataka kuingia hatua ya nne ya maisha, ile ya mwisho katika dini yetu ya Kihindu. Awe sanyasi, mtawa. Aache jina, nyumba, mtoto, mke.

Mke ndiye mimi.

Nikamwuliza, viazi vikubwa namna hii unamkatia nani? 

Hatua tatu amekwisha zipita. Ya kwanza alikuwa peke yake: mwanafunzi kwa mwalimu wake, haoi, anatii, analala mkekani. Ya pili ni ya mwenye nyumba, na hiyo asingeiweza bila mimi – sadaka ya motoni haitolewi na mume ambaye mkewe hayupo pembeni. Duka la miwani, mtoto, wageni, wazee waliotangulia wa kukumbukwa, vyote tulibeba wawili. Ya tatu tuliingia alipozaliwa Kidoti, mjukuu wetu. Mvi zimeota, mtoto wa mtoto ameonekana, basi sogea kando. Zamani watu walikwenda msituni. Sisi tulihamia chumba cha nyuma! Mzee akamwachia mwanetu duka, mimi nikamwachia mkewe, mkwe wangu, funguo za stoo. Tule kidogo, tusali sana, tusiingilie mambo ya watu. (Hilo la kutoingilia bado linanishinda.)

Nilidhani tutafia humo humo. Wawili.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu kaja juu. Kafunga duka mapema, kaingia na koti lake la kazi, miwani ya mteja imesahaulika mfukoni.

"Baba, hatua ya nne si lazima! Wangapi wameishia ya tatu wakafa vizuri tu?"

Mzee akakubali. Si lazima.

"Na nani anawalisha hao watawa? Si sisi wenye nyumba? Mwanafunzi anakula kwetu, wazee wanakula kwetu, mtawa anakula kwetu. Sisi tukichoka, wote wanne chini!"

"Kweli kabisa," Mzee akasema. "Ndiyo maana naondoka wakati wewe umesimama imara."

Mwanangu akaitoa ile miwani mfukoni, akaanza kuifuta. 

Kuhani wetu naye alikuwepo. Kaeleza taratibu. Mtu huzaliwa na madeni matatu: la wahenga wenye hekima, hulipwa kwa kusoma; la miungu, kwa sadaka; la mababu, kwa kuzaa mtoto wa kuwaendeleza. Asiyelipa haachi dunia, anaitoroka. Wapo walimu wanaosema moyo ukishajitenga na dunia mtu aondoke siku hiyo hiyo, hata akiwa kijana. Kuhani wetu si wa hao. Ngazi kwa ngazi, anasema.

Akamhesabia Mzee: amesoma, ametoa, amezaa. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama, mke asiporidhia, mimi siiongozi ibada hiyo."

Wote wakaniangalia. Mkwe wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai, hakusogea.

Nikasema chai inapoa.

Jumapili, 16 Machi

Nimeridhia.

Ni hivi. Asubuhi nilimkuta Mzee anasali. Nikamtazama mgongo. Mgongo wa mtu aliyekwisha ondoka, amebaki kwa heshima tu – kama mgeni mwenye adabu anayengoja mwenyeji amwambie haya, nenda salama. Nitamweka ili iweje? Niwe na mwili wake tu humu chumbani?

Nikamwambia, nenda.

Akainama akanigusa miguu, heshima anayopewa mkubwa! Mume! Nikaruka nyuma kama nimeona nyoka. Tukacheka. Halafu mimi nikaenda bafuni nikafungulia maji yaendelee kumwagika, wasinisikie.

Jumatano, 26 Machi

Mtoni leo. Wanawake tulikaa mbali, chini ya paa la mabati la wanaofua nguo.

Kwanza aliwatolea mababu zake matonge ya wali, kama tunavyofanyia marehemu. Kisha akatoa tonge jingine. Mwanangu akaniambia kwa sauti ndogo: hilo ni lake mwenyewe. Amejifanyia matanga yake. Hakuna atakayemfanyia tena, wala hatuna ruhusa.

Wakamnyoa. Kikabaki kishungi kidogo utosini, nacho kikakatwa. Ule uzi mtakatifu aliovalishwa begani alipoanza uanafunzi, akauvua, akauachia maji. Moto wa mwisho akautolea sadaka, akauvuta ndani mwake kwa pumzi, maana tangu leo hana moto wa nje: hawashi jiko, hapiki, hatoi sadaka ya motoni. Siku akifa hatachomwa kama sisi. Atazikwa ameketi. Aliyekwisha jichoma, unamchoma mara ya pili wewe nani?

Akasema kwa sauti kwamba viumbe vyote visimwogope. Akavua nguo zote, akaanza kwenda kaskazini, uchi kama alivyozaliwa. Mkuu wa nyumba ya watawa akamwita arudi. Akampa shuka la rangi ya udongo mwekundu, fimbo ambayo mtawa haiachi, chombo cha maji. Na jina jipya. Sikulisikia. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wetu.

Alipita karibu nasi akienda. Kidoti akapayuka: "Babu, umesahau viatu!"

Hakugeuka. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwuliza kuhani: bangili za ndoa nivue nisivue? Akakuna kichwa. Wapo wanaosema hivi, wapo wanaosema vile, ila yeye kwa maoni yake mjane ni wa mtu ambaye pumzi imekatika. Basi si mjane. Na mke? Hapo akaniambia habari za mvua.

Bangili ziko mkononi. Zikilia nikifua, najihisi kama mtu anayejifanya mke.

Mwanangu anajitahidi sana. Kila jioni anakuja chumba cha nyuma, anakaa pale pale kwenye kigoda, ananisimulia wateja. Leo ni mama mmoja aliyekuja kulalamika kwamba tangu apate miwani mume wake amekuwa mbaya! Tumecheka mpaka mkwe akaja kuangalia kuna nini.

Jumamosi, 10 Mei

Mwanangu amefariki.

Alikuwa dukani. Anamvalisha mteja fremu, ananyoosha mkono aweke sawa sikioni. Akaanguka. Moyo, daktari anasema. Moyo! Hata homa alikuwa haugui.

Siwezi.

Jumatatu, 12 Mei

Jana tulimchoma.

Nani ashike moto? Mtoto wa kiume hana. Baba yake angeshika – baba yake hayupo kwa sheria, amekufa tangu Machi. Shemeji zangu wakaanza kuhesabiana ukoo pale pale, mwili umelala, binamu huyu yuko mbali, yule mgonjwa. Kuhani akawakata: asiye na mtoto wa kiume, mkewe ana haki.

Mkwe wangu akashika. Hajawahi hata kuwasha mshumaa bila kuunguza vidole, huyu binti. Moto huu akauweka mahali pake mara moja. Mzee mmoja kwenye watu akanung'unika kwamba hajawahi kuona. Nikamwambia basi leo umeona, baba.

Bangili zake zimevuliwa. Zangu bado ziko mkononi. Nimeziangalia usiku wote kwa aibu.

Na nani sasa mwenye nyumba? Mkwe ni mjane, mimi ni wa hatua ya tatu, Kidoti ana miaka minne. Wote wa kulishwa, wa kulisha hayupo.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda mwenyewe nyumba ya watawa. Shemeji walitaka kutuma ujumbe kwa simu. Nikasema mtoto nilimzaa mimi, habari naipeleka mimi.

Mkuu wao alinipokea vizuri. Akanikalisha barazani, akanisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlenga, sisemi uongo. Kisha akasema, "Mama, unayemtafuta hayupo. Huyu tuliye naye hana mtoto."

"Kwa hiyo hataomboleza?"

"Mtawa akifiwa na mama au baba, anaoga. Basi."

"Na akifiwa na mtoto?"

Akatazama chini. Hata kuoga hakupo.

Lakini akamwita.

Mzee – nimwiteje? – akatoka na shuka lake. Amekonda. Akasimama mbali kidogo. Nikamwambia kwa maneno mafupi, jina la mwanetu na siku. Akafumba macho. 

Akasema, "Mama, umetoka mbali. Unywe maji."

Mama! Wanawake wote sasa ni mama zake. Miaka yote ile nyumba moja, nimekuwa mama mpita njia.

Akaniletea maji mwenyewe. Akaingia ndani.

Nimerudi nikamkuta mkwe anafagia dukani, kafungua milango. Anasema kuna miwani za watu ambazo lenzi hazijasagwa, wenyewe wataanza kuja. Hajui kusaga lenzi. Nami sijui. Mwenye kujua amebaki mmoja, na yuko kule nilikotoka.

Jumapili, 18 Mei

Naandika nikiwa dirishani.

Yuko getini.

Kaja muda wa watawa: jiko limezimwa, moshi umekata, watu wamekwisha kula. Bakuli mkononi. Akaita, "Mama, chakula cha sadaka," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia niangalie kama mlango wa duka umefungwa.

Nikatoka. Nikamwambia nikiwa kizingitini: nyumba hii ina msiba, bado tumo ndani ya siku za matanga, chakula chetu hakifai kwa mtawa.

Anajua! Nani asiyejua? Yeye ndiye aliyenifundisha mimi, bibi harusi wa juzi, kwamba nyumba yenye msiba haitoi sadaka na mtawa haigongi. Mtaa mzima una milango. Kaja huu.

Akashusha bakuli. Nikangoja aondoke. Mtawa hasimami mlangoni zaidi ya muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Akikosa anapita bila kinyongo. Mimi nikaingia ndani nimrahisishie.

Hajapita. Ng'ombe huyo angekuwa amekwisha kamuliwa, maziwa yamechemshwa, yamenywewa.

Hanitazami mimi. Anatazama duka, upande wa pili wa ua. Mlango uko wazi, mkwe ameinama kwenye mashine ya kusagia, anaigeuza hivi na hivi, hajui inawashwa wapi. Kidoti kasimama ubavuni kwake.

Kidoti amemwona. Anamwuliza mama yake kitu. Mkwe amenyanyua kichwa – amesimama – anafuta mikono kwenye kanga.

Anakwenda getini. Ananiuliza kwa macho: Mama, nimwite nani?

Sijui, mwanangu. Sijui.

Mzee fimbo yake ameiegemeza ukutani.