Meza ya Mangi ni yangu

Paulina uko wapi?? Sikia hii!

Unaikumbuka ile meza ya mbao ya Mangi wa dukani, hapa Miyuji? Jumamosi aliniita: "Sidonia, nipangie magunia ya stoo, meza hii uchukue." Nikapanga mpaka mgongo ukagoma. Leo naenda kuichukua, ananiambia, "Mwanangu, nilikuwa natania."

NATANIA!

Nikawaambia wenzangu wa kikundi cha kusoma sheria chuoni. Noeli huyo, kama jaji: "Ile ni zawadi tu. Ahadi ya zawadi haimfungi mtu."

Nikamwambia, angeniahidi bure ungeshinda. Lakini aliniomba kazi, nami nikaifanya kwa ajili ya ile ahadi. Jasho langu ndiyo bei ya meza. Huo ni mkataba, hata bila karatasi!

Akang'ang'ana: "Alitania, hakukusudia kujifunga."

Basi twende! Tukaenda mpaka kaunta, wateja wamejaa. "Shikamoo Mangi. Kama ulikuwa unatania, mbona ulisimama mlangoni ukinielekeza gunia gani likae wapi, mpaka la mwisho?"

Wateja wakamgeukia Mangi. Paulina, WOTE! Noeli mwenyewe akakohoa, akasema polepole, "Mangi, hapo hata mimi siwezi kukutetea."

Mangi akacheka kwa aibu, akashusha mizani iliyokuwa juu ya ile meza, akanipa meza.

Noeli ndiye aliyeibeba kichwani mpaka geto kwangu. Sasa anauliza kama anaweza kuitumia kusomea. Nimemwambia, nioshee vyombo kwanza, ndipo utakaa. Na mimi sitanii.