Sindano ya Kila Asubuhi

Bagara, Babati

Dada Atupele mpendwa,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje huko Tukuyu? Miguu ya mama bado inamsumbua? Huku mvua ilikata mapema, mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Tunakula unga wa njano unaonuka gunia, na huo nao ni wa foleni.

Najua umesikia niliugua. Heri usikie kwangu mwenyewe, maana habari hupambwa njiani.

Ilianza kwa kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo likajaa, na bado koo lilikuwa kavu. Nikakonda, na kukojoa hakukuisha. Mama Paulo, mwenye nyumba ninayopanga, ndiye aliyekuta sisimizi wamejaa kwenye ndoo niliyokojolea. Akasema, "Mwalimu, mkojo wako una kitu." Nilishindwa kumtazama. Haikupita muda nikaanguka darasani.

Hospitali daktari alichanganya mkojo wangu na dawa ya buluu, akauchemsha mbele yangu. Ukageuka rangi ya tofali.

"Ni kisukari," akasema. "Utachoma sindano kila siku."

"Mpaka lini?"

"Hakuna mpaka."

Basi dada, asubuhi nachemsha bomba la kioo na sindano yake, najichoma paja. Sindano ikiwa butu nainoa kwenye jiwe. Mapaja yameota mabonge. Nikioga naangalia ukutani. Dawa naiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, isiharibike kwa joto. Na nikishachoma lazima nile, nisipokula dawa inashusha sukari mwilini kupita kiasi, inanimaliza.

Mwezi uliopita nilichoma, kumbe mafuta ya taa yameisha na uji haujaiva. Nikatetemeka, jasho likanitoka, nikamtukana Mama Paulo matusi nisiyojua nimeyatoa wapi. Akanishika kidevu, akanipaka sukari yake ya mgao ndani ya mashavu kwa vidole, udenda wangu ukimtiririka mkononi. Nilipopata fahamu nilikuwa nimejikojolea kwenye mkeka wake. Sabuni hakuna, akaufua kwa majivu. Tangu siku ile mwili wangu unanitia kinyaa.

Jumapili kanisani, kiongozi wa akina mama akaniita mbele. "Mwalimu atushuhudie alivyoushinda ugonjwa." Wakapiga makofi hata sijafika.

Nikasema, "Sijashinda. Nimechoma leo asubuhi, na kesho nitachoma. Dawa ikikosekana hospitali, nitakufa."

Kiongozi akaanzisha wimbo harakaharaka. Nikamwona Mama Paulo anatoka nje, nikamfuata nikidhani nimemwaibisha.

Akasema, "Twende nyumbani. Hujala."

Nisalimie shemeji, na mjomba wetu fundi viatu, na watoto wako wote. Mama akikuuliza, usimwambie nimepona. Mwambie naumwa, na ninafundisha.

Ni mimi mdogo wako,
Subilaga